Pikipiki ya Salim: Jibu la Mfano la Swali la Uzembe, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wa sheria akifungua karatasi ya mtihani hakutani na swali la kueleza uzembe ni nini. Hukutana na kisa. Kilicho hapa chini kimetungwa kwa ajili ya makala haya, kikawekwa Mombasa, na kinafanana na visa ambavyo mawakili wa pwani hupokea ofisini mwao kila wiki.

> Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa tatu usiku, Mwanaidi, fundi cherehani, alipanda bodaboda ya Bakari kutoka Kongowea kwenda Kisauni. Bakari alikuwa na wiki tatu tu tangu apate leseni. Alimpa Mwanaidi helmeti ambayo mkanda wake wa kidevuni ulikuwa umekatika. Mwanaidi aliitazama, akaipakata mapajani. Njiani Bakari alichomeka simu ndani ya helmeti yake akawa anazungumza. Alikuwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa mahali penye kibao cha 50 alipofika kwenye tuta lililopakwa rangi na kuwekewa alama. Hakupunguza mwendo, pikipiki ikapinduka. Mwanaidi alivunjika muundi wa mguu wa kushoto na kuumia kichwa. Daktari anasema helmeti iliyofungwa sawasawa ingezuia sehemu kubwa ya jeraha la kichwa. Bakari alikiri mahakamani kosa la kuendesha bila uangalifu, akatozwa faini, na hakukata rufani.
>
> Pikipiki imeandikishwa kwa jina la Salim, ambaye hulipia bima na matengenezo. Kila jioni Bakari humpelekea hesabu ya shilingi 500, na kinachobaki ni chake. Salim alimkataza kubeba abiria baada ya saa mbili usiku. Siku ile Bakari alikuwa ameshapeleka hesabu saa moja jioni, na pikipiki ilibaki naye kama kila siku. Mahakama ingekadiria fidia ya shilingi 600,000 kwa kichwa na 400,000 kwa mguu. Bili ya kutibiwa mguu ni shilingi 120,000, lakini Mwanaidi ana risiti za shilingi 75,000 tu. Mshauri Mwanaidi.

Njia inayofundishwa ya kujibu swali kama hili ina hatua nne: suala, kanuni, utumizi wa kanuni kwenye kisa, na hitimisho. Karibu kila mwanafunzi anaweza kuzitaja hatua hizo. Wengi huanguka kwenye ya tatu, kwa sababu huandika kanuni kwa ukurasa mzima kisha wakasema tu kwamba "kwa hiyo Bakari ni mzembe", bila kugusa simu, wala tuta, wala kile kibao cha 50. Mtahini aliyetunga kisa hakuweka neno lolote kwa bahati mbaya. Mkanda uliokatika, hesabu iliyopelekwa saa moja, risiti zilizopungua: kila kimoja kina kazi yake, na jibu zuri hukitumia mara moja mahali pake.

Kabla ya kuandika, basi, kalamu ipite kwenye kisa na kupigia mstari kila jambo, kisha pembeni iandikwe linamsaidia nani. Wiki tatu za leseni zinamsaidia nani? Bakari atadhani ni yeye, na itaonekana kwamba sivyo. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na ndiyo inayoonyesha kwamba ndani ya kisa hiki mna masuala manne, tena mawili kati yake ni mepesi.

Suala la kwanza: je, Bakari alikuwa mzembe?

Jibu la mfano linaanza hivi:

> Suala la kwanza ni kama Bakari alikiuka wajibu wa uangalifu aliokuwa nao kwa Mwanaidi. Dereva ana wajibu wa uangalifu kwa abiria wake. Jambo hili limetulia na halihitaji kuthibitishwa upya. Kipimo cha uangalifu ni kile cha dereva mwenye uwezo wa kawaida, na ugeni wa kazi haukishushi: Nettleship dhidi ya Weston (1971). Bakari alizidisha mwendo kwa kilomita 20 kwa saa, alikuwa akizungumza na simu, na hakupunguza mwendo mbele ya tuta lililoonekana wazi. Dereva wa kawaida asingefanya lolote kati ya hayo matatu. Wiki tatu za leseni hazimpunguzii dhima. Isitoshe, hukumu ya jinai ambayo haikukatiwa rufani ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile, kwa mujibu wa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hivyo hawezi kukana uzembe wake. Bakari alikiuka wajibu wake.

Aya moja, na suala limekwisha. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye bidii huumia, maana amekaa wiki nzima akisoma habari za Bi Donoghue, aliyekunywa soda ya tangawizi katika mkahawa wa Paisley, Uskoti, mwezi Agosti 1928, na konokono aliyeoza akadaiwa kutoka kwenye chupa. Hukumu ya 1932 katika kesi ile ndiyo iliyomfanya Jaji Atkin aulize jirani yangu ni nani mbele ya sheria, na ni msingi wa somo zima. Lakini hakuna wakili anayebisha kwamba dereva ana wajibu kwa abiria wake. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema wazi mwaka 2018, katika kesi ya Robinson dhidi ya Mkuu wa Polisi wa West Yorkshire, kwamba wajibu ukishatambuliwa na kesi zilizopita hakuna haja ya kuujenga tena kuanzia msingi. Ukurasa mzima wa konokono hauongezi alama hata moja, na unakula dakika ambazo suala la tatu litazidai.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jibu la Mombasa linaegemea kesi za Uingereza. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama ya Kenya kinaziagiza mahakama kufuata sheria ya mapokeo ya Kiingereza kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu, na kwa sheria zilizotungwa na Bunge la Uingereza kinaweka tarehe ya mpaka, 12 Agosti 1897. Tanzania Bara ina kifungu kinachofanana na hicho, ila tarehe yake ni 22 Julai 1920. Hukumu mpya za Uingereza hazimfungi jaji wa Kenya, zinamshawishi tu. Kwa hiyo pale ambapo kuna uamuzi wa mahakama za Afrika Mashariki, huo ndio utangulie, na kisa hiki kina maamuzi mawili yanayofaa sana, kama itakavyoonekana.

Kesi ya Nettleship ina thamani yake hapa kwa sababu dereva wake alikuwa mwanafunzi kabisa. Bibi mmoja alikuwa akifundishwa kuendesha gari na rafiki wa familia, akagonga nguzo ya taa, goti la mwalimu wake likavunjika. Mahakama ilikataa kumpimia kwa kipimo cha wanafunzi. Kama mtu asiyekuwa na leseni kamili hakupunguziwa kipimo, Bakari mwenye leseni ya wiki tatu atapunguziwaje? Kauli ya namna hiyo, inayoweka kisa cha kale kando ya kisa cha mtihani na kuonyesha kilipozidi au kilipopungua, ndiyo inayoitwa utumizi wa kanuni.

Suala la pili: je, uzembe huo ndio uliomuumiza?

> Suala la pili ni kisababishi. Kanuni ni kuuliza kama madhara yangetokea hata bila uzembe wa mdaiwa: Barnett dhidi ya Hospitali ya Chelsea na Kensington (1969). Bila mwendo ule na simu ile pikipiki isingepinduka kwenye tuta. Kuvunjika mguu na kuumia kichwa ni madhara ya aina inayotazamiwa mtu akianguka na pikipiki, kwa hiyo hayako mbali mno kisheria. Kisababishi kimethibitika.

Hapa pia ufupi ni sawa. Katika kesi ya Barnett walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, na daktari akawarudisha bila kuwapima. Mmoja akafa. Uzembe wa daktari ulikuwa dhahiri, lakini chai ilikuwa na sumu ya aseniki na ushahidi ulionyesha kwamba hata angetibiwa asingepona. Mjane wake alishindwa. Mtahini huweka kisababishi kigumu pale anapotaja sababu mbili zinazoshindana, kama ugonjwa wa zamani au hospitali iliyokosea matibabu. Kisa cha Mwanaidi hakina kitu cha aina hiyo, na mwanafunzi asikibuni.

Suala la tatu: je, Salim naye atalipa?

Sasa jibu limefika penye uzito. Bakari ana shilingi chache za siku, wala pikipiki si yake. Bima iko kwa jina la Salim. Mwanaidi akishinda dhidi ya Bakari peke yake anaweza kubaki na hukumu nzuri ya kutundika ukutani. Wakili anayemshauri atataka kujua kama Salim anabeba dhima ya kosa la Bakari, na mtahini naye amejaza sehemu hii vikwazo: hesabu, katazo la saa mbili, na saa ya ajali.

> Suala la tatu ni kama Salim, mmiliki wa pikipiki, anabeba dhima ya uzembe wa Bakari. Kuwa na jina kwenye kadi ya pikipiki hakutoshi peke yake. Mmiliki huwajibika iwapo aliyeendesha alikuwa mtumishi wake, au alikuwa akiendesha kwa shughuli ya mmiliki, akitekeleza kazi aliyokabidhiwa: Morgans dhidi ya Launchbery (1973). Hata hivyo, katika Karisa dhidi ya Solanki (1969), Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ikithibitika gari limeleta madhara kwa uzembe, basi, pasipokuwa na ushahidi wa kupinga, huchukuliwa kwamba liliendeshwa na mtu ambaye mmiliki anawajibika kwa uzembe wake. Mwanaidi anaanza, kwa hiyo, akiwa na dhana upande wake, na ni Salim anayetakiwa kuivunja.
>
> Salim atasema mambo mawili. La kwanza, kwamba Bakari si mtumishi bali mkodishwaji: analipa shilingi 500 kwa siku kama mtu anavyolipia chombo alichokodi, na kinachobaki ni chake. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu aliyekodisha chombo kwa kawaida habebi kosa la aliyekikodi. Lakini mkodishwaji hapangiwi saa za kazi. Salim alipanga saa, analipia bima na matengenezo, na anapata fedha kila siku Bakari anapobeba abiria. Mpango huo unafanana zaidi na wa mwenye biashara aliyeweka mtu wa kuiendesha.
>
> La pili, atasema kwamba saa tatu usiku Bakari alikuwa kwenye shughuli zake mwenyewe: hesabu ya siku ilishapelekwa, na saa ya kubeba abiria ilishapita. Kuhusu saa, katazo la mwajiri halimwokoi ikiwa linahusu namna ya kufanya kazi ile ile aliyompa mtumishi: Limpus dhidi ya London General Omnibus (1862), Rose dhidi ya Plenty (1976). Kubeba abiria kwa nauli ndiyo kazi aliyopewa Bakari. Saa tatu aliifanya kwa wakati usiofaa. Kuhusu hesabu, shilingi 500 hazikutengwa kutoka kwa abiria fulani. Nauli za siku nzima ni chungu kimoja, na kinachobaki baada ya hesabu ndiyo ujira wa Bakari. Safari ya Mwanaidi ilikuwa sehemu ya mpango ule ule unaomlipa Bakari na kumpa Salim hesabu yake. Inaelekea Salim atawajibika, ingawa mahakama ikiona mpango huo ni ukodishaji halisi, atatoka.

Aya hizo tatu ndizo zinazotenganisha jibu la wastani na jibu la juu, na inafaa kuonyesha kwa nini.

Jambo la kwanza ni dhana. Wanafunzi wengi humkumbuka Bi Morgans na kumsahau Solanki. Gari la Bi Morgans lilichukuliwa na mumewe kwenda kunywa, mume akamwomba rafiki yake aendeshe wakati wa kurudi, ajali ikatokea, na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema mke hawajibiki kwa sababu safari ile haikuwa yake. Kesi hiyo inasaidia kujua mpaka uko wapi. Ila uamuzi wa 1969 ni wa mahakama ya hapa kwetu, na unajibu swali tofauti ambalo wakili halikwepi, yaani ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ukilinganisha, Mwanaidi hajui chochote kuhusu makubaliano ya Salim na Bakari. Yeye alisimamisha bodaboda tu. Ni haki Salim ndiye ayaeleze.

La pili ni namna jibu lilivyoitendea hesabu. Mtu anayeijua kazi ya bodaboda anajua kwamba mikataba yake haifanani. Kuna dereva anayepeleka hesabu miezi nenda miezi rudi na pikipiki haitakuwa yake kamwe. Kuna mwingine ambaye malipo yake ya kila siku yanahesabiwa kuwa bei, na yakifikia kiasi walichokubaliana pikipiki inakuwa mali yake. Huyu wa pili anakaribia kuwa mnunuzi aliye njiani, na hoja ya Salim ingekuwa na nguvu zaidi kwake. Kisa kinasema hesabu tu, bila neno juu ya kumilikishwa. Jibu linaweza kuitaja tofauti hiyo kwa sentensi moja, na mtahini ataona kwamba mwandishi wake ameelewa kile kilichomo ndani ya shilingi 500.

La tatu ni katazo. Mwaka 1862 madereva wa mabasi ya farasi ya London walikuwa wamepewa maagizo ya maandishi wasishindane na mabasi ya kampuni nyingine. Mmoja akaziba njia makusudi ili mpinzani asipite, akaharibu basi lake, na kampuni ikawajibika licha ya maagizo yake. Mwaka 1976 muuza maziwa aliyekatazwa kumchukua mtoto kwenye gari lake alimchukua mvulana wa miaka 13 amsaidie kazi, mvulana akaumia, na mwajiri akawajibika. Wanafunzi hupenda kuziorodhesha kesi hizi mbili na kuondoka. Jibu lililotolewa hapo juu linafanya zaidi kidogo: linauliza katazo la Salim linagusa nini, kazi yenyewe au saa yake, kisha linatoa jibu. Mwanafunzi anayeona kwamba saa ni mpaka wa kazi, kwamba baada ya saa mbili Bakari hakuwa na kazi kabisa, anaweza kuandika hivyo na kupata alama zile zile, mradi atoe sababu. Kisa kimeachwa na ukungu kwa makusudi.

Ndiyo maana hitimisho la sehemu hii linasema "inaelekea", na likaongeza ni jambo gani lingeligeuza. Hitimisho la "Salim atawajibika bila shaka yoyote" lingekuwa kosa, na la "itategemea mahakama" lingekuwa uvivu. Mteja anataka kujua uzito uko upande gani na kitu gani kinaweza kuusogeza.

Suala la nne: helmeti iliyopakatwa

> Suala la nne ni kama fidia ya Mwanaidi itapunguzwa kwa uzembe wake mwenyewe. Chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, sura ya 26, mdai aliyechangia madhara yake hapotezi dai lote. Fidia hupunguzwa kwa kiasi ambacho mahakama inaona ni haki. Hukumu ya jinai ya Bakari haimzuii kuitoa hoja hii: Robinson dhidi ya Oluoch (1971). Katika Froom dhidi ya Butcher (1976), dereva aliyeumia akiwa hakufunga mkanda wa gari alihesabiwa kuwa amechangia, na mahakama ikatoa mwongozo: asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia majeraha yote, 15 ikiwa ungeyapunguza sana, na sifuri ikiwa usingesaidia. Helmeti nayo imetendewa vivyo hivyo: asilimia 15 kwa aliyekosa kuivaa katika O'Connell dhidi ya Jackson (1972), na 10 kwa aliyeivaa bila kuifunga katika Capps dhidi ya Miller (1989).
>
> Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka abiria wa pikipiki avae helmeti, lakini pia kinamtaka mwendeshaji awe nayo kwa ajili yake. Helmeti aliyotoa Bakari haikufungika. Mwanaidi alikosea kuipakata, kwani hata hiyo ingefaa kuliko kichwa kitupu, lakini helmeti iliyofungwa sawasawa, ambayo daktari anaizungumzia, hakuwahi kupewa. Asilimia 10 inatosha. Makato hayo yahusu kichwa peke yake. Helmeti isingeulinda mguu. Shilingi 600,000 zinapungua kuwa 540,000, na 400,000 za mguu zinabaki kamili.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokosekana kwenye karatasi nyingi. Mwanafunzi hukata asilimia 10 ya milioni moja, akampa Mwanaidi shilingi 900,000. Kwa njia ya jibu hili anapata 940,000. Shilingi 40,000 zimepotea kwa kusahau kwamba helmeti haivaliwi mguuni. Hata katika kesi ya Froom mdai alikuwa pia amevunjika kidole, na mkanda usingekizuia kuvunjika. Jaji anaweza kuchagua kutoa asilimia moja ndogo kwa fidia yote badala ya kutenganisha jeraha na jeraha, lakini lazima aanze kwa kuuliza jeraha lipi linahusiana na uzembe wa mdai. Kisa kilipotaja kichwa na mguu, na kuweka kiasi tofauti kwa kila kimoja, kilikuwa kinalisubiri swali hilo.

Kesi ya Robinson na Oluoch ni ile ya pili ya kwetu. Ilitoka Kenya, ikaamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na inaziba pengo ambalo wengi hulikanyaga. Mtu akishasoma kifungu cha 47A hudhani kwamba Bakari amefungwa mdomo kwa kila jambo. La. Amefungwa kukana uzembe wake, lakini anaruhusiwa kusema kwamba na mwenzake alikuwa mzembe. Jibu linaloweka kifungu na kesi hiyo mahali pake, kimoja katika suala la kwanza na kingine katika la nne, linaonyesha kwamba mwandishi anajua kila chombo kinakata wapi.

Kuna hoja moja ambayo Bakari anaweza kujaribu kuipenyeza hapa, kwamba Mwanaidi aliikubali hatari yote pale alipopanda bila helmeti. Sentensi mbili zinaitosha. Kukubali hatari ni kusamehe mapema uzembe wa mwenzako, na mahakama haziamini kirahisi kwamba abiria amesamehe hivyo. Katika Dann dhidi ya Hamilton (1939) hata aliyepanda gari la dereva aliyelewa hakuhesabiwa kuwa ameridhia.

Hesabu ya mwisho

> Fidia ya jumla ni shilingi 540,000 kwa kichwa na 400,000 kwa mguu. Gharama za matibabu ni hasara maalumu, ambazo lazima zidaiwe kwa kutajwa na kuthibitishwa kikamilifu: Hahn dhidi ya Singh (1985). Mwanaidi anaweza kuthibitisha shilingi 75,000, si 120,000. Kwa kuwa zote ni za mguu, hazipunguzwi. Anastahili shilingi 1,015,000 kutoka kwa Bakari, na inaelekea kutoka kwa Salim pia, kila mmoja akiwajibika kwa deni lote, ingawa hatalipwa mara mbili.

Hapa mtahini anatafuta jambo moja: kama hitimisho linafuata yaliyotangulia. Mwanafunzi aliyeandika "inaelekea" kuhusu Salim kisha akamtaja mwishoni kama mdaiwa asiye na shaka amejipinga mwenyewe. Tarakimu nazo zijumlishwe tena kabla ya kukabidhi karatasi. 540,000 na 400,000 na 75,000 ni hesabu ndogo, lakini ikikosewa humvunjia mwandishi heshima aliyoijenga kurasa nzima.

Kuhusu muda, dakika 45 za swali kama hili zigawanywe bila usawa: tano za kusoma na kupigia mstari, nane za masuala mawili ya kwanza, kumi na nane za Salim na hesabu yake, kumi za helmeti, na nne za fidia. Anayegawa sawasawa kwa kila suala ataishiwa na wino pale pale panapolipa.

Na kwa kuwa kisa kinasema "mshauri Mwanaidi", jibu lifunge kwa kitu ambacho mteja mwenyewe hawezi kukijua. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai ya Kenya, sura ya 22, dai la madhara hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu tukio. Kwa Mwanaidi, siku ya mwisho ya kufungua kesi yake ni Ijumaa tarehe 4 Juni 2027.